Uzito Uko Upande wa Chanya

Kila baada ya miezi michache inazuka taarifa mitandaoni kwamba watafiti fulani wamepata betri itakayobeba chaji mara kumi ya hizi tulizo nazo. Ukiisoma mpaka mwisho unakuta kilichoboreshwa ni anodi, yaani upande wa hasi, na kwamba siri yenyewe ni silikoni. Taarifa haisemi uongo. Gramu moja ya silikoni inaweza kupokea lithiamu karibu mara kumi ya ile inayopokelewa na gramu moja ya kinywe, yale madini meusi yanayopatikana kwa wingi kule Mahenge, ambayo wengine huyaita grafiti. Lakini simu yako haijaanza kukaa na chaji siku kumi, na kwa njia hiyo peke yake haitakaa. Jioni hii nataka tupige hesabu inayoonyesha sababu.

Kwanza tukubaliane kinachotokea ndani ya betri. Kuna pande mbili, chanya na hasi, na katikati yake kuna kimiminika kinachopitisha ioni za lithiamu lakini hakipitishi elektroni. Upande wa hasi ni unga wa kinywe uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Upande wa chanya, ambao ndio kathodi, ni unga wa oksidi ya metali uliopakwa juu ya karatasi ya alumini. Unapochaji, ioni za lithiamu zinatoka kwenye kathodi, zinaogelea hadi ng'ambo na kujipenyeza kati ya tabaka za kaboni zilizomo ndani ya kinywe. Elektroni zake zinapita nje, kwenye waya wa chaja. Unapotumia simu, safari inageuka: ioni zinarudi kwenye kathodi, na elektroni zinarudi kwa njia ya nje zikiendesha simu njiani.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ioni inaingia na kutoka bila kuvunja umbo la kile kinachoipokea. Tabaka zinabaki tabaka, zinapanuka kidogo au kusinyaa kidogo, basi. Hilo ndilo linalofanya betri ichajiwe mara mia nyingi. Betri ya gari ya asidi haiko hivyo: kila mara risasi inageuka kuwa kitu kingine kabisa, kisha inalazimishwa kurudi ilivyokuwa, na kila safari inapoteza kitu.

Sasa hesabu. Uwezo wa kubeba chaji tunaupima kwa zile herufi mAh zilizoandikwa kwenye betri ya simu, yaani miliampea-saa. Kinywe kinabeba miliampea-saa 372 kwa kila gramu kikijaa kabisa, na kiwandani watu wanapata kama 350. Kathodi iliyotawala simu zetu ni oksidi ya lithiamu na kobalti, LiCoO2. Hiyo, ikichajiwa hadi volti 4.2 kama ilivyozoeleka, inatoa kama 140 kwa gramu. Angalia tofauti hiyo: 350 upande mmoja, 140 upande mwingine. Na kwa kuwa kila ioni inayotoka huku lazima ipate nafasi kule, pande mbili ni lazima zilingane kwa chaji. Hazilingani kwa uzito.

Chukua gramu 100 za kathodi hiyo. Zinatoa miliampea-saa 14,000, kiasi cha kutosha simu tatu za kawaida. Ili kuzipokea unahitaji gramu 40 za kinywe. Jumla gramu 140. Sasa tumlete mtafiti wetu na silikoni yake, tumpe mara kumi kamili bila kubishana naye. Gramu 40 za anodi zinageuka gramu 4. Jumla mpya ni gramu 104. Betri imekuwa nyepesi, kweli, lakini kwa uzito uleule faida ni kama asilimia 35. Hata angekuja na anodi isiyo na uzito wowote, tungebaki na zile gramu 100 za kathodi, na faida isingezidi asilimia 40.

Geuza upande. Acha kinywe kama kilivyo, na utafute kathodi yenye uwezo mara mbili tu, wala si mara kumi. Gramu 100 zinakuwa 50, ongeza 40 za kinywe, jumla 90. Faida inapita asilimia 55. Mara mbili upande wa chanya inashinda mara kumi upande wa hasi. Na hapo sijahesabu karatasi za shaba na alumini, kimiminika wala gamba la nje, ambavyo vyote vinazidi kupunguza faida ya silikoni.

Msikilizaji makini atauliza: kwa nini basi kathodi inabeba kidogo hivyo? Sababu ya kwanza ni uzito wa viungo vyake. Katika kinywe, atomi moja ya lithiamu inahifadhiwa na atomi sita za kaboni, na kaboni ni nyepesi. Katika kathodi, kila lithiamu inabebwa na atomi moja ya kobalti na mbili za oksijeni, na kobalti peke yake ina uzito karibu wa atomi tano za kaboni. Ukikokotoa kwa kanuni za kemia, LiCoO2 ingetoa 274 kwa gramu kama lithiamu yote ingetoka. Lakini nimesema tunapata 140. Nusu nzima ya lithiamu inabaki ndani, hatuigusi. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Ndani ya chembe ya kathodi hii kuna tabaka za kobalti na oksijeni, na kati ya tabaka moja na nyingine ndimo lithiamu inamokaa. Nyuso za oksijeni zinazotazamana zina chaji hasi zote mbili, kwa hiyo zinasukumana. Kinachozituliza ni ioni za lithiamu zilizo katikati, zenye chaji chanya. Lithiamu humo ndani ni mpangaji ambaye pia ni nguzo ya nyumba. Ukimtoa kiasi, tabaka zinaachana kidogo na nyumba inasimama. Ukizidi kumtoa, ukapita nusu kwa mbali, mpangilio wa tabaka unateleza kutoka umbo moja kwenda jingine, nafasi kati yake zinabana ghafla, na chembe inapata nyufa. Wakati huohuo kobalti iliyokwisha kutoa elektroni zake nyingi inaanza kuivuta oksijeni iliyo jirani nayo itoe za kwake, na oksijeni inayopoteza elektroni haikai tena kwa utulivu. Inaweza kutoka kama gesi. Kimiminika cha betri nacho, ambacho ni kiyeyushi kinachoshika moto, hakivumilii volti kubwa namna hiyo na kinaanza kuungua polepole juu ya uso wa kathodi. Gesi hizo ni sehemu ya sababu ya betri ya simu kuvimba hadi kufumua kioo.

Kwa hiyo ile volti 4.2 ambayo chaja haipiti imewekwa kwa sababu. Ni mstari uliochorwa pale ambapo karibu nusu ya lithiamu imetoka na nyumba bado imesimama. Watengenezaji wa simu wameusogeza mstari huo kidogokidogo. Wanachanganya magnesiamu na alumini kidogo ndani ya kobalti ili kukaza tabaka, wanazipaka chembe ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini, na siku hizi simu nyingi zinachajiwa hadi karibu volti 4.45. Wamepata miliampea-saa 30 au 40 za ziada kwa gramu. Hayo ni matunda ya miaka thelathini ya kazi, na ndiyo yanayoeleza kwa nini betri za simu zimekua kwa mwendo wa kobe wakati vichakato vinaruka.

Hapa turudi nyuma kidogo, maana watu waliochagua kathodi hii walikuwa wakifikiria volti kabla ya kitu kingine. Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kati ya tabaka za salfaidi ya titani. Betri yake ilifanya kazi, ila ilitoa volti zaidi ya mbili kidogo. John Goodenough, aliyekuwa Oxford, aliona kwamba oksijeni inazishikilia elektroni kwa nguvu kuliko salfa, kwa hiyo oksidi ingetoa volti kubwa zaidi. Mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha LiCoO2, na volti zikafika nne. Akira Yoshino huko Japani akaioanisha kathodi hiyo na anodi ya kaboni badala ya lithiamu tupu, na mwaka 1991 Sony wakaipeleka sokoni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Ninalisisitiza jambo la volti kwa sababu nishati ni chaji mara volti. Kathodi ndiyo inayoamua yote mawili. Kinywe tayari kiko karibu kabisa na chini ya ngazi ya volti, hakuna pa kushuka zaidi. Nafasi yote ya kupanda iko upande wa chanya.

Basi watu wakapanda vipi? Njia moja ilikuwa kuondoa sehemu kubwa ya kobalti na kuweka nikeli. Tabaka ni zilezile, lakini nikeli inaweza kutoa elektroni nyingi zaidi kabla ya kuisumbua oksijeni, kwa hiyo unaweza kuchota lithiamu zaidi kwa volti ileile. Kathodi yenye nikeli sehemu nane, manganizi moja na kobalti moja inatoa karibu 200 kwa gramu. Ndiyo iliyomo katika magari mengi ya umeme yanayosifiwa kwa kwenda mbali. Lakini umeichota nguzo zaidi. Karibu na volti 4.2 tabaka za kathodi hii zinasinyaa kwa ghafla, na kwa kuwa kila punje ni fundo la vijipunje vingi vilivyotazama pande tofauti, kila kimoja kinasinyaa upande wake na fundo linapasuka. Kimiminika kinaingia kwenye ufa, kinakutana na uso mpya, kinaungua, kinaacha utando usiopitisha umeme vizuri. Chaji inayofuata ufa unapanuka. Kuna kasoro nyingine ya nikeli: ioni yake inakaribiana kwa ukubwa na ioni ya lithiamu, hivyo baadhi ya nikeli inapotea njia na kukaa kwenye chumba cha lithiamu, ikiziba mlango. Uwezo mkubwa na maisha mafupi hapa vinatoka kwenye chanzo kimoja.

Kuna jambo lingine linalofupisha maisha ambalo watu huliandikia anodi peke yake, nami naliweka pia kwenye daftari la kathodi. Betri inapokamilika kuundwa kiwandani, kabla ya chaji ya kwanza, lithiamu yote inayosafiri imo ndani ya kathodi. Hakuna ghala jingine. Katika chaji ya kwanza kabisa, sehemu ya lithiamu hiyo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, inakwama katika ngozi inayojengeka juu ya kinywe. Ngozi hiyo ni ya lazima, maana bila hiyo kimiminika kingeendelea kuharibika bila kikomo. Lakini inaendelea kunenepa taratibu, hasa kwenye joto, na kila unene mpya unameza lithiamu ambayo kathodi haitaiona tena. Tuseme katika kila mzunguko wa kuchaji na kutumia inarudi asilimia 99.9. Inasikika kama ukamilifu. Baada ya mizunguko 500 umebaki na asilimia 61. Ikirudi asilimia 99.99, baada ya mizunguko 2,000 bado una asilimia 82. Tofauti ya maisha na kifo cha betri iko kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta. Na ndiyo maana simu inayoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, ikiwa imejaa chaji, inazeeka haraka: joto linakuza ngozi upande wa hasi, na volti kubwa inachoma kimiminika upande wa chanya, yote kwa pamoja.

Njia ya pili iliachana na tabaka kabisa. Mwaka 1997 Goodenough, safari hii akiwa Texas, pamoja na Padhi na Nanjundaswamy, walichapisha fosfati ya lithiamu na chuma, LiFePO4. Humo oksijeni imefungwa na fosforasi kwa kifungo kigumu sana, haitoki kirahisi hata betri ikipata joto kali. Lithiamu inapita kwenye vichochoro vilivyonyooka, na umbo la fuwele linasimama hata lithiamu karibu yote ikitoka. Kwa hesabu za kemia uwezo ni 170 kwa gramu, na kiwandani unapata 160 bila shida. Linganisha na kobalti: ile tunaichota nusu, hii tunaichota karibu yote. Ndiyo sababu betri za aina hii zinafikisha mizunguko elfu mbili, elfu tatu na kuendelea, wakati betri ya simu inahesabiwa mia tano hadi elfu moja.

Bei yake ni volti. Ikioanishwa na kinywe, fosfati ya chuma inatoa volti 3.2, kobalti 3.7 na zaidi. Ukizidisha chaji kwa volti utaona kitu cha kushangaza kidogo: kwa gramu, hizi mbili zinakaribiana sana. Kinachoiangusha fosfati kwenye simu ni nafasi. Sentimita moja ya ujazo ya kathodi ya kobalti ina gramu 5.1, ya fosfati ina gramu 3.6. Tena fosfati haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ilibidi isagwe iwe unga laini mno na kupakwa kaboni ndipo ifanye kazi, na unga laini wa namna hiyo haushindiliwi ukakaa pamoja kama ule wa kobalti. Ndani ya simu nyembamba, kila milimita inagombewa. Ndani ya kabati la betri za sola nyuma ya zahanati hakuna anayejali milimita. Ndani ya basi la umeme vilevile.

Uchaguzi huu una uzito kwetu kwa namna ambayo Texas au Tokyo hawaihisi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, eneo la Kolwezi na jirani zake, ambako wachimbaji wenyewe wanazungumza Kiswahili hiki tunachozungumza. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara. Fosfati ya chuma haina kobalti wala nikeli hata chembe. Kila gari la umeme linalotoka kiwandani China likiwa na kathodi ya chuma ni gari ambalo halikuhitaji kobalti ya Kolwezi, ingawa bado linahitaji kinywe, kwa sababu kinywe kiko upande wa pili wa kila moja ya betri hizi. Mtu anayepanga mapato ya madini kwa miaka ishirini ijayo afuatilie maabara za kathodi kabla ya kufuatilia bei ya soko.

Sasa utajuaje una kathodi gani mkononi? Soma volti kwenye lebo, usisome jina la biashara. Betri ya simu itakuwa imeandikwa 3.7, 3.8 au 3.85: hiyo ni kobalti. Betri ya sola iliyoandikwa 12.8, 25.6 au 51.2 ni fosfati ya chuma, kwa sababu hizo ni seli 4, 8 na 16 za volti 3.2 zilizofuatana. Ukikuta 11.1, hizo ni seli tatu za volti 3.7, familia ya kobalti na nikeli. Lebo hiyo ina kazi. Seli nne za fosfati zinajaa kwenye volti 14.6, seli tatu za 3.7 zinajaa kwenye 12.6. Mtu akiunganisha betri ya 11.1 kwenye kidhibiti cha sola kilichowekwa kwa ajili ya 12.8, na betri yenyewe haina ulinzi wa ndani, anazisukuma zile tabaka hadi mahali tulipokwisha kupaeleza.

Matunzo nayo yanafuata kathodi. Kwa simu, kompyuta na pikipiki yenye betri ya nikeli, ile asilimia 20 ya juu ndiyo ghali, kwa kuwa ndipo tabaka zinapobanwa na kimiminika kinapoungua. Kuishia asilimia 80 siku za kawaida kunarefusha maisha kwa kiasi kinachoonekana. Kwa fosfati ya chuma hofu hiyo ni ndogo zaidi, ila ina usumbufu wake. Volti yake inakaa karibu palepale kuanzia karibu kujaa hadi karibu kuisha, kwa kuwa ndani ya chembe kuna hali mbili tu, yenye lithiamu na isiyo nayo, na mpaka kati yake unasogea tu. Kifaa kinachokadiria asilimia kwa kutazama volti hakioni kitu. Ndiyo maana skrini ya betri ya sola inaweza kusema asilimia 40 saa tatu usiku, na saa nne nyumba ikawa giza. Betri hiyo haijafa. Ijaze hadi juu kabisa mara moja kwa wiki au mbili, pale ambapo volti inapanda ghafla na kifaa kinapata alama ya kuanzia kuhesabu upya.